Elfu thelathini na sita, na mizani ya mtu mwingine

"Mama, we ulikuwa na mtumbwi kule ziwani. Kuna jamaa anauza wake na injini na nyavu za makila, anasema kila safari ya sangara anaweka mfukoni laki mbili ukishatoa mafuta, barafu na mgao wa wavuvi. Ni kweli?"

Mbukwa mwanangu,

Huyo jamaa hadanganyi, na ndo kinachoniudhi. Laki mbili ataziona kweli, atazishika mkononi pale mwaloni samaki wanaposhushwa, atanunua soda. Lakini mtu wa kumuuliza ni yule anayejua kilo imeuzwaje na nani kaipima. Nimekwambia tangu upo shule na leo narudia: hela ya samaki haipatikani majini, inapatikana kwenye mizani. Baba yako alikuwa anacheka nikisema hivyo, alidhani naongea kama muuza soko wa Majengo. Si ndo nilikuwa muuza soko wa Majengo!

Chukua kalamu sasa. Bei nazokupa ni za kufanyia hesabu tu, ukifika mwaloni utaweka za siku hiyo. Tuseme mtumbwi wa watu wanne, injini ya farasi kumi na tano, wanalala ziwani siku nne. Petroli lita 60 kwa 3,200 ni 192,000, na ile injini inakunywa oili humohumo kwenye petroli, lita moja ya oili kwa hamsini za petroli, weka 15,000. Barafu kilo 150 kwa 200 ni 30,000. Unga, sukari, sigara zao na dagaa wa mboga 45,000 (ndio, wavuvi wanakula dagaa, usicheke). Ushuru na wabebaji 18,000. Jumla laki tatu kamili.

Wamerudi na kilo 110. Tisini ni nzuri, 7,000 kwa kilo, hiyo 630,000. Ishirini zimechoka, zimekataliwa kwenda kiwandani, wanaziita rijekti, anazichukua mama wa kukaanga kwa 3,000, hiyo 60,000. Jumla 690,000. Toa gharama laki tatu zinabaki 390,000, mnagawana nusu kwa nusu, wewe mwenye chombo 195,000 na wavuvi 195,000 kwa wanne, kila mmoja chini kidogo ya elfu hamsini. Hapo ndo laki mbili ya jamaa yako ilipo. Kuna sehemu wanagawana kwa mafungu mengine, uliza kwanza, lakini kwetu ilikuwa nusu.

Sasa angalia vizuri kilichotolewa kabla ya kugawana. Mafuta, barafu na chakula mmelipa wote, nusu yako nusu yao. Lakini makila yakichanika, propela ikigonga jiwe, mbao zikioza, hayo yote yanatoka kwenye nusu yako peke yako. Makila tuseme vipande 60 kwa 45,000, ni milioni mbili na laki saba, na yakikaa mwaka yamekaa sana, maana yanachanika, yanachukuliwa na magugu na kuna watu wanayavua usiku kama samaki. Ukienda safari 60 kwa mwaka kila safari inakula 45,000 ya makila. Injini ya milioni sita ikikaa miaka minne ni 25,000 kwa safari. Mtumbwi wenyewe 10,000, plagi na fundi 20,000, leseni na vikorokoro 5,000. Jumla 105,000. Toa kwenye 195,000, umebaki na 90,000. Mwenye mtumbwi anayesahau hii ni kama mtu wa ng'ombe anayehesabu maziwa na kusahau kuwa ng'ombe anazeeka.

Na sijafika bado. Hiyo ni safari nzuri. Mbalamwezi ikiwa kali makila yanaonekana samaki wanayakwepa, au upepo unakuja wanakaa kisiwani wanakula unga wako bure. Tuseme katika kila safari nne moja inaleta kilo 40 tu. Kwa 7,000 ni 280,000, gharama laki tatu ziko palepale, umepungukiwa 20,000 na uchakavu wa 105,000 haujui kama leo samaki hawakuwepo. Hasara 125,000. Wengine wanaandika hiyo elfu ishirini deni kwa wavuvi safari inayofuata, we andika tu, wavuvi wanahama mwalo usiku mmoja. Kwa hiyo safari tatu za 90,000 ni 270,000, toa 125,000, bakia 145,000, gawa kwa nne. Elfu thelathini na sita na kitu kwa safari. Jibu lako ndo hilo, kama ungetaka jibu tu.

Lakini mi nataka uone kitu kingine. Watu wote wakiongea habari za mtumbwi wanalia mafuta, mafuta, mafuta. Haya, nahodha amezurura, amechoma lita kumi zaidi. Ni 32,000, na nusu yake ni ya wavuvi, kwako wewe 16,000. Sasa nahodha huyohuyo amebana barafu ili aokoe hela, kabeba kilo mia badala ya 150. Kaokoa 10,000, yako ni 5,000. Siku ya tatu jua kali, sanduku lina maji tu, kilo thelathini zilizokuwa nzuri zinageuka rijekti, zinashuka toka 7,000 hadi 3,000. Hiyo 120,000 imepotea, nusu yako 60,000. Umeokoa elfu tano ukapoteza elfu sitini, na faida yako yote ilikuwa thelathini na sita! Kilo ya barafu kwa kilo ya samaki ndo chini kabisa, na kwa safari ya siku nne lazima iwe zaidi maana siku ya kwanza inayeyuka kabla hujavua kitu. Utajua walibana ukifunua shavu la samaki, likiwa jekundu sawa, likiwa la kahawia na jicho limezama ndani wamebana hata kama nahodha anaapa kwa jina la mama yake. Bonyeza tumbo pia, likibonyea lisirudi usiulize tena.

Na bei ikishuka mia tano tu kwa kilo, kwenye kilo tisini ni 45,000, yako 22,500, kubwa kuliko yale mafuta ya kuzurura. Bei hiyo haiko mikononi mwako hata kidogo. Mwaka 2020 corona ilipokuja ndege za kupeleka minofu Ulaya zikasimama, bei mwaloni ikaanguka, samaki ni walewale, ziwa ni lilelile.

Sasa hapa kwenye mizani ndo nataka nikwambie ya kule Ukerewe, mjomba wako hapendi nikisimulia lakini yeye hasomi barua zako. Unakumbuka nilivyokuwa naaga naenda Mwanza, unabaki kwa bibi, unalia kwenye kituo cha basi. Nilikuwa naenda mtumbwini kwangu. Makila yale ya pili nilipewa na wakala mmoja wa kununua samaki, mpole sana, ananiita dada, akasema dada lipa polepole, ila samaki wote uniuzie mimi. Bei yake chini mia tano ya wengine. Nikaona sawa tu, mkopo bila riba, benki gani itakupa hiyo? Hesabu nimekufanyia hapo juu, 22,500 kila safari, na hiyo ni nusu yangu tu. Riba ilikuwepo, haikuandikwa.

Siku hiyo nimesimama mwenyewe mwaloni. Wameleta mzigo mzuri kweli, samaki wanang'aa, barafu bado ipo chini ya sanduku, nilifurahi mpaka nikasahau usingizi wa basi. Kijana wa wakala anapima kwenye mizani ya kuning'iniza, mshale haujatulia ameshasoma namba. Halafu kila akipima anatoa kilo, anasema ya maji. Maji gani? Samaki amening'inizwa anachuruzika mchangani, hayo maji yako wapi? Mwanangu, mi nimepima perege wa Mtera kwa mkono huu tangu sijazaa, nikibeba samaki najua kilo sita na kilo saba. Nikasema rudia. Akarudia kwa haraka ileile. Nikasema subiri mshale usimame. Watu wakaanza kutazama, na nahodha wangu akanivuta kanga kwa nyuma, "mama acha, tunamhitaji kesho."

Tunamhitaji kesho. Mpaka leo naisikia hiyo. Aliogopa kweli, au alikuwa na chake kwenye zile kilo za maji? Nimegeuza hii habari miaka yote. Kuna siku nasema alikuwa mwizi, mbona hakunitazama usoni. Halafu nasema hapana, mgao wake nao ulikuwa unakatwa kwenye mizani ileile, mtu ajiibie mwenyewe kwa faida gani? Labda alilipwa pembeni. Labda alijua tu kwamba tukigombana hakuna petroli ya mkopo kesho na watoto wake wanne wanalala njaa. Mjomba wako anasema nahodha alikuwa sahihi. Mjomba wako naye alikuwa anakopa kwa yule yule.

Kilo alizokata siku hiyo, ukizitia kwenye hesabu yangu, si nyingi. Tuseme kumi. Sabini elfu, yangu 35,000. Linganisha na thelathini na sita uone.

Kwa hiyo utasema nakukataza. Sikukatazi. Kuna watu wana mitumbwi mitatu minne wamejenga Mwanza wamesomesha, maana hawadaiwi na mtu, wanauza kwa anayepandisha bei, na wana mtu wao wa kusimama kwenye mizani. Wa mtumbwi mmoja anayekaa Dodoma na kupigiwa simu... hapo ulimi unaniwasha lakini nanyamaza, we ni mtu mzima. Ila kwa kweli! Haya, nimenyamaza.

Nenda kwa huyo jamaa, usimuulize anapata ngapi tena. Mwombe daftari la miezi mitatu lenye na siku za mbalamwezi, si karatasi ya wiki moja. Makila uyatandaze mchangani yote uyaone, na uyapime matundu, yakiwa chini ya inchi sita ondoka, hayo yanakamata sangara wa chini ya sentimita hamsini na utanyang'anywa. Halafu muulize injini alinunua kwa hela ya nani. Akisita, tafuta wakala anayenunua samaki wake, nenda bila yeye, umuulize anamdai kiasi gani. Mtumbwi wa bei poa mara nyingi unauzwa na deni lake ndani, utalipa milioni zako halafu kijana mwenye mizani atakuja kukwambia karibu, tunaendelea pale mwenzio alipoishia.

Nitumie picha ya hilo daftari. Na uniambie nahodha ni nani, anatoka wapi.

Mama yako