Pepa nilipasua, kikopo cha mkojo ndo kikanirudisha Mbagala

Juzi usiku kuna dogo wa Gongo la Mboto kanitumia meseji, jina lake limetoka kwenye PDF ya walioitwa usaili wa vyombo vya ulinzi na usalama, amefurahi mpaka anaandika herufi kubwa tupu. Mwisho kauliza, "kaka ratiba inasema tukaripoti saa 1 asubuhi na vyeti halisi na nguo za michezo, sasa hapo pepa lini mbio lini na vipimo lini?" Nikamwambia subiri dogo hilo jibu refu, nalijua kwa uchungu.

Chombo nilichofanyia usaili sikitaji maana sitafuti ugomvi na mtu. Nilikuwa na miaka 25, umri wa mwisho kwenye tangazo lile, yaani nafasi yangu ya mwisho ya kuvaa gwanda. Nilisoma kama kichaa, Kiingereza, hesabu, maarifa ya jumla, magazeti ya wiki nzima, na kila alfajiri nakimbia kutoka Rangi Tatu kwenda Kongowe na kurudi. Nilijua nimemaliza kila kitu.

Ngoja kwanza nieleze mpangilio ulivyo kichwani mwa wanaotuita, maana ukishauelewa huo hata ratiba ikibadilika hupotei. Wanaanza na kinachowagharimu kidogo. Urefu unahitaji ukuta wenye alama na afande mmoja, kwa hiyo upo mwanzoni pamoja na kukagua vyeti na kuangalia mwili kwa macho kama una tatuu. Pepa na mbio vinafuata, kipi kinatangulia inategemea na mwaka, wenye uwanja na wingi wenu. Vipimo vya damu na mkojo vinakula hela na vinataka daktari, ndo maana vinaachiwa wachache waliobaki. Kwa hiyo mtu akikwambia "vipimo mwishoni" muulize vipimo gani, kwa sababu nusu yake unapimwa hata kalamu hujashika.

Huo urefu wenyewe usiuchukulie poa. Polisi kwenye matangazo yao wanataka mwanaume asipungue futi 5 inchi 8, ambayo ni kama sentimita 172.7, na mwanamke futi 5 inchi 4. Sasa binadamu anafupika mchana jamani, siyo uchawi, ni pingili za mgongo zinabanana ukisimama, unaweza kupoteza sentimita moja au zaidi kati ya kuamka na jioni, na sehemu kubwa inaondoka masaa ya mwanzo mwanzo. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na jamaa wa Chanika, kwao alijipima akakuta yuko sawa sawa na alama, ila alijipima katoka kitandani. Sisi ilikuwa saa 7 mchana, tumesimama juani toka asubuhi na yeye begi mgongoni muda wote. Afande kaweka rula kichwani, kaangalia, kasema "nenda". Kama na wewe uko mpakani, wahi uwe wa mwanzo kwenye foleni, na muda wa kusubiri kaa chini, begi toa mgongoni.

Sasa mimi. Siku ya kwanza ilikuwa urefu, vyeti na pepa. Jioni majina yakabandikwa ukutani, langu lipo, watu wananisukuma nyuma mimi nimeganda tu nalisoma. Chini ya karatasi wameandika kesho saa 12 alfajiri uwanjani kwa mbio, kisha vipimo vya afya. Hiyo "kisha" niliisoma kama mtu anayesoma jina la mtaa.

Usiku sikulala, furaha na joto la Dar. Alfajiri nikapiga kopo la enaji, nikakimbia kama nafukuzwa maana nilitaka wanione wa mbele, na kweli nilikuwa wa tatu. Saa 4 asubuhi tukapangwa kwenye benchi la vipimo, jasho halijakauka. Nilikuwa nimebugia maji karibu lita mbili kwa sababu kuna mjuaji alisema yanasafisha mkojo, na mkojo wenyewe nikaubana, nikijua kikopo kinakuja nisije nikakosa cha kuweka. Presha ikaanza, dada wa vipimo kafunga mkanda mkononi, 158/96. Kaniambia kaa pembeni. Nikarudiwa baadaye kidogo, 146/92, na mkojo bado nimeubana mjinga mimi. Kikopo kilipokuja kijiti cha kupimia kikabadilika rangi, protini alama mbili za kujumlisha. Mpaka wa mwisho wa presha ni 140/90, na protini ni ishara ya figo, ndivyo nilivyoambiwa, basi.

Siku mbili baadaye nikaenda zahanati jirani na nyumbani, nimelala vizuri, sijakimbia. Presha 124/78, mkojo safi hauna hata chembe ya protini. Daktari alicheka kidogo akanielekeza, mbio kali zinaweza kuvujisha protini kwenye mkojo wa mtu mzima wa afya na mara nyingi inaisha ndani ya siku moja au mbili. Presha nayo inapandishwa na kukosa usingizi, na kafeini, na kibofu kilichojaa, na mimi nilivibeba vyote vitatu. Nilikaa nje ya ile zahanati muda mrefu sana. Mpaka leo nikiona kuruta wanapita na mabegi naangalia pembeni.

Kwa hiyo dogo, na wengine mnaosoma, pepa msomee lakini na ratiba isomeni kwa mwili. Mazoezi magumu yaishe siku tatu kabla, baada ya hapo tembea tu na kujinyoosha. Mbio za usaili kimbia upite, hakuna medali pale, ukifukuzia wa kwanza unaenda kulipa kwenye kikopo. Enaji na kahawa acha siku hiyo. Maji kunywa kidogo kidogo. Ukifika benchi la vipimo omba kikopo mapema utoe mkojo KABLA ya presha, wakikataa nenda chooni tu, mwingine utapatikana. Kisha kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, usiongee na mtu. Wadada kama mko kwenye siku zenu mwambieni mpimaji kabla ya kutoa kikopo, damu itaonekana kwenye kijiti na atakayeandika hatajua imetoka wapi.

Na wiki mbili kabla nenda kapime presha na mkojo ukiwa umepumzika, uombe karatasi yenye tarehe na muhuri. Haimlazimishi mtu kukurudia, ila ukiwekwa pembeni una kitu cha kuonyesha na una sababu ya kuomba kwa adabu upimwe tena kesho yake asubuhi. Mimi sikuomba. Nilisema "sawa afande" nikachukua begi.

Dogo kasoma yote kajibu, "kaka sasa si nitoe mkojo nyumbani niende nao kwenye chupa?" Hapana wewe, kwetu kikopo tulipewa pale pale na mlangoni kasimama afande.