Kwenye ripoti ya ajali, usiandike "ameteguka"

Kwenye ripoti yangu ya kwanza ya ajali nikiwa mwongozaji wa wageni porini, maelezo ya tukio yalikuwa sentensi moja: "Mgeni aliteleza kwa kutokuwa makini, ameteguka mguu, nikamfunga bandeji tukateremka polepole." Niliona imetosha. Baada ya wiki kadhaa kampuni ya bima ikauliza: eksirei inaonyesha mfupa umevunjika, kwa nini mwongozaji alimtembeza?

Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa kwenye karatasi. Kabla ya kuanza kushuka nilimwomba yule mama asimame, akapiga hatua nne bila kushikwa, akasema maumivu anayavumilia. Uvimbe ulikuja njiani. Hayo yote niliyafupisha kwa neno "ameteguka", ambalo sisi waongozaji hatuna mamlaka nalo. Mfupa uliopasuka kidogo na kano iliyovutika huweza kufanana kabisa ukiwa porini. Anayetofautisha ni daktari mwenye picha.

Leo ningeandika hivi: "14:40, mgeni alikanyaga jiwe lenye unyevu kwenye mteremko, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani, akaanguka ubavu. Nilikuwa mbele yake hatua tano hivi. Nilisikia kishindo, sikuona mguu ukipinda, yeye ndiye aliyenieleza. 14:45, kifundo hakijavimba, vidole vina joto na anavichezesha. Alipiga hatua nne peke yake. 15:20, uvimbe upande wa nje, hawezi tena kukanyagia. Tulisimama, nikapiga simu ofisini 15:24."

Ona hiyo "sikuona". Wengi wanaificha wakidhani inawadhoofisha, kumbe ndiyo inayofanya yale uliyoyaona yaaminike. Na "kutokuwa makini" niliitoa kabisa. Hiyo ni hukumu, na mgeni akiisoma atajibu kwa hukumu yake. Andika viatu vyake vilikuwa vya aina gani, soli imelika au la, asubuhi ulimwonya nini kuhusu mawe yenye unyevu, na nani alisikia. Anayetafuta chanzo atakipata mwenyewe.

Saa nazo zilinitesa. Niliandika "saa 8:40" kwa hesabu yetu, bima wakaisoma kuwa ni asubuhi, wakataka kujua tulikaa wapi muda wote huo kabla ya kuomba msaada. Tangu hapo natumia saa 24, nikizitoa kwenye simu palepale. Nazinakili kwenye kidaftari kabla hatujaondoka eneo la tukio, pamoja na picha ya lile jiwe na ya njia kwa pande zote mbili, maana mvua ikinyesha usiku kesho hutakuta alama yoyote.

Ukikumbuka jambo baada ya kutuma, usiirekebishe ripoti ya mwanzo. Andika nyongeza yenye tarehe ya siku unayoiandika, uiambatanishe. Nakala mbili zenye tarehe moja na maneno tofauti zitakugharimu kuliko kile ulichokisahau.