Kupandisha, kupaza na polepole: kuzisoma alama za nguvu ya sauti

*Nafundisha kwaya ya kanisa hapa Kisumu. Karatasi zetu zina herufi p na f, na ile alama inayoanza nyembamba ikazidi kupanuka. Nikisema "pandisheni sauti" waimbaji wanaiacha noti. Nikisema "imbeni polepole" wimbo unazorota. Niwaambieje kwa Kiswahili sahihi?*

Mwalimu, waimbaji wako wanakutii neno kwa neno. Kiswahili chetu cha kila siku hutumia neno moja kwa mambo mawili ambayo karatasi ya muziki huyatenga, na kila muimbaji huchukua maana iliyomjia kwanza.

Fikiria "sauti ya juu." Yaweza kuwa sauti ya msichana anayeimba sauti ya kwanza, na yaweza kuwa sauti ya utingo anayeita abiria wa Nakuru pale stendi. Ya msichana iko juu kwa kidatu, yaani wembamba wake, hata akiimba kwa kunong'ona. Ya utingo iko juu kwa nguvu, hata kama ni nene kama besi. Ukiambia kwaya "pandisheni," wenye kusoma solfa watapanda kutoka so kwenda la, maana kwao kupanda ni kazi ya noti. Basi liachie neno hilo kazi hiyo. Noti hupanda na kushuka, na sauti kwa kidatu huwa nyembamba au nene. Nguvu huongezwa na kupunguzwa, na sauti kwa nguvu huwa kubwa au ndogo. "Pazeni sauti" nalo ni sahihi kwa nguvu, ila mimi ningelitumia mahali penye f tu, kwa sababu wengi wakisikia kupaza hufikia kilele papo hapo.

"Polepole" lina mtego wa namna hiyohiyo. Mama akisema "ongea polepole, mtoto amelala," anataka sauti ndogo. Dereva akiambiwa aendeshe polepole, anatakiwa apunguze mwendo. Herufi p haihusu mwendo hata kidogo. Ni kifupi cha neno la Kiitaliano piano, lenye maana ya sauti ndogo, kama f ilivyo kifupi cha forte, sauti kubwa. Sema "sauti ndogo, mwendo uleule" mpaka waizoee. Usisome herufi hiyo kwa kusema "hapa piano" tu, kwa kuwa kwetu piano ni chombo, na atakayesikia hivyo anaweza kunyamaza akimsubiri mpiga kinanda. Chombo chenyewe kilipata jina hilo kwa sababu fundi wa Kiitaliano, Bartolomeo Cristofori, alikitengeneza karibu na mwaka 1700 kiweze kutoa sauti ndogo na kubwa kwa kadiri kidole kinavyobonyeza.

Katikati ya hizo mbili kuna mp, sauti ndogo kiasi, na mf, sauti kubwa kiasi. pp ni ndogo zaidi na ff ni kubwa zaidi. Hakuna kipimo cha mashine nyuma ya herufi hizo: f ya waimbaji wanane katika chumba kidogo si f ya kwaya nzima kanisani. Kinacholindwa ni tofauti kati ya ngazi moja na nyingine.

Ile alama inayopanuka ni kreshendo: ongeza nguvu kidogo kidogo. Ikianza pana ikafungika ni diminuendo: punguza kidogo kidogo. Kosa kubwa ninalolisikia kwenye kwaya ni kuisoma kreshendo kama amri ya kuimba kwa nguvu pale inapoanza. Ncha yake nyembamba inakuonyesha kwamba hapo ungali mdogo.

Chukua mstari wa baa nne, mapigo manne kila baa, ulioandikwa p mwanzoni, kreshendo kuanzia baa ya pili, na f kwenye pigo la kwanza la baa ya nne. Tuseme noti zake zinashuka: do ya juu, ti, la, so. Mstari wa namna hii hufundisha vizuri, kwa sababu kidatu kinateremka huku nguvu ikiongezeka, na neno "pandisheni" halina pa kushika. Baa ya kwanza yote ni sauti ndogo. Baa ya pili inaanza p ileile, bila haraka. Mwanzo wa baa ya tatu wawe wamefika mp, katikati yake mf, na f ije pigo la kwanza la baa ya nne, si kabla. Noti zinazoshuka hupoteza nguvu zenyewe, kwa hiyo sauti ya kwanza wanahitaji kuongeza zaidi ya wanavyodhani. Wavute pumzi kabla ya baa ya pili. Atakayevuta katikati ya baa ya tatu atalikata ongezeko lote.

Utajuaje kwamba nguvu haikugeuka kuwa mwendo? Kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika, mapigo 16 huchukua sekunde 12. Warekodi kwa simu na upime. Zikitoka sekunde 10, kreshendo imewakimbiza, na hilo ndilo kosa la kawaida. Rudia ukiwa umepunguza tofauti ya nguvu, kisha uipanue mwendo ukitulia. Baada ya mstari gusa noti yao ya mwisho kwenye kinanda: sauti ndogo huelekea kushuka kidatu pumzi inapolegea, na sauti ya kusukumwa huelekea kupanda.

Vyombo navyo vina tabia zao. Mpiga fidla huongeza nguvu kwa kuharakisha upinde na kuukandamiza zaidi. Filimbi ya shuleni, ile ya plastiki, ukiipuliza zaidi inapanda kidatu waziwazi, kwa hiyo usiidai f kubwa.

Imebaki alama ndogo > inayokaa juu au chini ya noti moja. Ina umbo la diminuendo, na wengi huichanganya nayo. Ikienea juu ya noti kadhaa ni diminuendo. Ikiwa fupi juu ya noti moja ni mkazo, neno lilelile tunalolitumia katika sarufi. Noti hiyo hupigwa kwa nguvu mwanzoni mwake, kisha inarudi kwenye nguvu ya jirani zake. Haiongezewi urefu wala haiwahiwi. Mkazo ndani ya p nao ni mdogo, usiwe mlipuko.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ndani yangu anasihi jambo. Maneno yetu hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo ukihama maana inaweza kuhama. Barabara yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia. Yenye mkazo kwenye silabi ya pili ni sawasawa. Ukiwa na ubeti "tembeeni barabara" unaohimiza mwendo mwema, na alama > ikakaa juu ya silabi ya tatu, kanisa litasikia habari ya lami. Tazama alama iko juu ya silabi gani kabla ya kuwapa karatasi. Ukiikuta pabaya na wimbo ni wako, isogeze. Kama ni wa mwingine na mnaupeleka kwenye mashindano, iimbeni ilivyo kwa mkazo mwepesi, kwa kuwa waamuzi watakuwa na karatasi ileile mkononi.