Besi inagonga ila maneno hayasikiki

"Wakuu iafoni zangu za elfu kumi besi inagonga fresh, ila nikiweka podikasti mtangazaji kama anaongea ndani ya pipa. Ikwalaiza niiseti vipi?"

Usianze kuongeza kitu mkuu, anza kupunguza. Hizo za bei rahisi kiwandani washazijaza besi, kwahiyo kama simu yako ina zile baa tano, shusha 60Hz mpaka -5 na 230Hz mpaka -3, hiyo 230 ndo inaleta pipa, halafu 910Hz iache sifuri, 3.6kHz ipandishe +3 kwa sababu huko ndo t, k, s na ch zinakaa, na hizo ndo zinafanya neno lisikike. Kuna jamaa kasema upandishe 14kHz, yuko sawa kwamba sauti itakuwa kali ila maneno hayaongezeki, utapata tu kushhh ya rekodi. S zikianza kuchoma sikio rudisha 3.6 kwenye +1.

Ya muziki seti tofauti, 60Hz +2 inatosha. Ukiweka +8 kile kispika kidogo kinakwaruza besi ikipiga, na sauti ya mwimbaji inatetemeka nayo, ukisikia hivyo shusha hata volyumu. Na kama besi imepotea sikio moja tu hiyo sio ikwalaiza, badilisha kimpira, hakijaziba vizuri.

Kwenye kupiga simu mara nyingi haitabadilika kitu, hapo sijui tukusaidieje 😂