Mafua na tizi: pima joto kabla hujameza dawa

"Wakuu, nina mafua tangu juzi. Pua imeziba, koo linawasha, kifua kiko safi. Jana usiku nilitoka jasho sana ila asubuhi nimemeza dawa ya mafua na sasa niko poa kabisa. Kocha anasema sheria ya shingo inaruhusu maana dalili zote ziko juu ya shingo. Jumapili nina kilomita 18 za maandalizi ya nusu marathoni ya Moshi. Nikimbie, au nihamie jimu nipige vyuma? Na hii tangawizi na limau inasaidia kweli?"

Usikimbie. Kwanza niambie, joto la mwili ulipima saa ngapi? Hukupima, naona. Usiku umeloa jasho, asubuhi umemeza dawa, mchana ukajisikia poa, ndipo ukaanza kuhesabu dalili zilizo juu ya shingo na zilizo chini. Ulizohesabu ni zile zilizobaki baada ya dawa kuondoa nyingine.

Chukua hiyo pakiti usome nyuma. Dawa nyingi za mafua za madukani zina parasetamoli, dawa ya kukausha kamasi, na mara nyingi kafeini kidogo ya kukuchangamsha. Parasetamoli inashusha homa na kutuliza maumivu ya viungo kwa masaa 4 hadi 6. Sasa angalia sheria yenyewe inasema nini: homa na mwili kuuma ni dalili za chini ya shingo, hata kama joto unalisikia kichwani. Hizo mbili ndizo zinazokukataza kukimbia, na hizo hizo ndizo zinazopotea kwanza ukimeza kidonge. Kinachobaki ni pua na koo. Lazima sheria ikwambie kimbia.

Nimeshupaa hivi kwa sababu yalinikuta yale yale, mpaka maneno ya kocha yanafanana. Nilikuwa kwenye maandalizi ya mbio hizo hizo za Moshi. Nikapata mafua ya kawaida, kamasi na koo. Usiku mmoja nikaamka shuka limeloa, mapaja na mgongo vinauma kama nimebeba magunia. Asubuhi saa ya mkononi ikaonyesha mapigo 74 nikiwa bado kitandani, wakati siku zote naamka na 58. Nikameza vidonge viwili vya mafua, nikanywa chai, baada ya muda mfupi nikawa mtu mpya. Nikaandika kwenye kundi la wasapu la wakimbiaji wenzangu: pua tu na koo. Kocha akajibu hapo hapo kwamba ya juu ya shingo hayo, njoo utoe jasho, mafua yataishia barabarani.

Tizi la siku hiyo lilikuwa la vipande vya kasi kwenye Daraja la Tanzanite, unakimbia kwa nguvu, unajikokota kidogo, unarudia. Vipande vya kwanza vilikwenda vizuri, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kawaida nikimaliza kipande mapigo yanateremka haraka, ndani ya dakika moja na nusu nipo 120 na ushee. Siku ile niliposimama yaligoma kwenye 160. Nikasubiri, yakagoma. Miguu haikuwa imechoka, upepo wa bahari ulikuwepo, pumzi haikukata, ila moyo ulikuwa unadunda kama bado nakimbia. Nilimwonyesha kocha saa. Akaniambia saa za siku hizi zinadanganya, malizia vipande vilivyobaki. Nikamalizia.

Jioni dawa ilipoisha mwilini homa ikarudi kwa kishindo. Siku zilizofuata kifua kikaanza kuuma katikati, uchungu unaozidi nikilala chali na kupungua nikiinamia mbele, na ngazi za nyumbani zikawa mlima. Hospitali walianza na malaria, hakuna. Dengi, hakuna. Daktari aliposikia nilifanya tizi la kasi nikiwa na homa akanyamaza kidogo, akaagiza kipimo cha umeme wa moyo, damu ya kupima troponini, na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Troponini ni protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, na yangu ilikuwa juu. Misuli ya moyo ilikuwa imevimba kwa maambukizi. Hakuna mbio, hakuna jimu, hakuna hata mpira wa ufukweni, mpaka vipimo virudi sawa, na kwa tatizo hili madaktari huzuia michezo ya nguvu kwa miezi 3 hadi 6. Moshi nilitazama picha za wenzangu.

Tatizo hilo ni nadra, na watu wengi wanakimbia na mafua bila kupatwa na lolote. Lakini virusi vinavyoanza kama mafua ni vya aina nyingi. Rinovirusi, ambavyo ndivyo vinaongoza kwa mafua ya kawaida, kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huishia puani na kooni. Virusi vya homa ya mafua makali, adenovirusi na jamii ya koksaki vinaweza kuingia mwilini kote, na moyo umo. Kwa kutazama kamasi huwezi kujua umepata virusi gani. Mwaka 1970 watafiti walichapisha jaribio la panya walioambukizwa virusi vya koksaki B3 kisha wakalazimishwa kuogelea. Kwenye mioyo ya walioogelea virusi viliongezeka mno kuliko kwa waliopumzishwa, na waliokufa walikuwa wengi zaidi. Panya si binadamu, sawa, ila hilo ndilo jambo ambalo homa inakuonya: maambukizi yameshatoka puani, mwili mzima uko vitani.

Huyo kocha bado nina hasira naye, na sifichi. Sheria ya shingo aliipata kwenye kibandiko kinachozunguka wasapu chenye maneno mawili, juu kimbia, chini pumzika. Mwenye sheria hakuiacha hivyo. Ni daktari wa Marekani, Randy Eichner, aliyeiandika mwaka 1993 kwa ajili ya madaktari wa michezo. Alisema dalili zikiwa juu ya shingo pekee, na homa hakuna, anza kwa nusu ya nguvu zako kwa dakika 10. Kichwa kikifunguka na ukajisikia vizuri, endelea. Ukijisikia vibaya, acha urudi nyumbani. Ni jaribio la dakika 10 kwa mwendo wa pole, basi, si ruhusa ya kwenda kupiga vipande vya kasi wala kilomita 18. Na hawa wa "toa jasho mafua yaishe" nao wanachosha. Jasho halitoi virusi. Linatoa maji na chumvi, ambavyo mgonjwa wa homa tayari anapungukiwa, tena kwa joto la Dar la Februari.

Mtu atanijibu kwamba kuna utafiti ulioonyesha kukimbia na mafua hakuna tabu. Upo, na ni mzuri. Chuo Kikuu cha Ball State kule Indiana, katika miaka ya 1990, kiliwapandikiza wanafunzi wenye afya rinovirusi puani, wengine wakafanya mazoezi dakika 40 kila baada ya siku moja, wengine wakapumzika. Mafua hayakuzidi ukali wala hayakukaa zaidi kwa waliofanya mazoezi. Lakini angalia walichofanya: kirusi kimoja kinachojulikana, mazoezi ya wastani, kwa usimamizi. Wewe kirusi chako hukijui, na unachotaka kukimbia si cha wastani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kumeza chochote asubuhi, hata hiyo chai bado, weka kipimajoto kwapani mpaka kilie. Kikisoma 37.5 au zaidi, hiyo ni homa, tizi limefutwa siku hiyo, hata kama pua ndiyo inayokusumbua peke yake. Halafu hesabu mapigo ukiwa bado umelala. Homa ikipanda kwa nyuzi moja, mapigo hupanda kwa takriban 10 kwa dakika, kwa hiyo ukijua kawaida yako, moyo unaweza kukushtua hata pale kipimajoto kinaposita. Na hayo mapigo nayo pima kabla ya dawa, maana dawa za kukausha kamasi na kafeini zinaweza kuyapandisha zenyewe, ukashindwa kujua ni ugonjwa au ni kidonge. Kama umeshameza, subiri masaa 6 hadi 8 bila kuongeza kingine, ndipo upime.

Ukigundua homa, usikae nayo nyumbani ukiiita mafua. Hapa kwetu homa ni kupima malaria kwanza, siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kuwa na kamasi na malaria kwa pamoja, na kamasi haimlindi mtu na mbu.

Homa ikiisha, siku za kurudi zihesabu kuanzia asubuhi uliyoamka bila homa na bila dawa. Subiri walau siku nzima ipite hivyo, kisha anza kwa kutembea na kukimbia pole, lile jaribio la dakika 10. Ukibanwa na kifua, moyo ukienda mbio bila sababu, ukasikia kizunguzungu, au ukihema kwa ngazi ulizozoea, nenda hospitali na umwambie daktari wazi kwamba ulifanya mazoezi ukiwa na homa. Usingoje akuulize, huenda asifikirie moyo kwa mtu wa umri wako.

Na kama kuna mkuu humu anajiandaa kuniita mwoga, ajue nimeshapona na narudi darajani alfajiri. Aje tukimbizane, ila aje na kipimajoto.

Wewe mleta uzi, kesho ukiamka usimeze kitu. Pima kwapani, hesabu mapigo, andika hapa namba zote mbili pamoja na mapigo yako ya kawaida.