Maswali na majibu: Wino mwingi, insha ileile

Kamwene mwalimu. Nafundisha Kiswahili Kidato cha Pili huku Kilolo, darasa lina wanafunzi 68. Najaza maoni pambizoni hadi nakosa nafasi, lakini wakirudia insha udhaifu unabaki uleule. Nakosea wapi?

Kamwene, mwalimu mwenzangu. Nikusimulie kilichonipata mimi, maana nami nilijaza pambizo miaka mingi kabla sijashtuka. Kijana mmoja wa upande wa Umalila aliniandikia insha juu ya viazi. Aya yake ya pili ilisomeka hivi:

"Viazi ni zao muhimu sana kwetu. Mwaka jana bei ilikuwa mbaya na wakulima waliumia. Wanunuzi wanakuja na magari na wanajaza lumbesa. Viazi pia vinaliwa na watu wengi mjini. Serikali isaidie. Wakulima wengine wameacha viazi wanalima pareto."

Nikaishukia na kalamu nyekundu. Kwenye sentensi ya kwanza nikaandika "Kwa nini?", ya pili "Fafanua", ya nne "Toa mfano", ya tano "Isaidie nini?", na ubavuni mwa aya nzima nikaandika "Hakuna mtiririko". Nikaona nimefanya kazi.

Ijumaa akarudisha. Zao sasa lilikuwa "muhimu sana tena sana", bei "mbaya mno", na pale nilipoagiza mfano alikuwa ameweka chipsi mayai, chipsi kavu na viazi vya kuchemsha. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Kijana alikuwa mtiifu kuliko nilivyostahili. Sentensi ya nne ndiyo iliyopaswa kufutwa, na mimi ndiyo niliyoiagiza ikue.

Nancy Sommers, Mmarekani aliyechunguza maoni ya walimu kwenye kazi za wanafunzi, alilieleza tatizo hili mwaka 1982. Mwalimu anamtaka mwanafunzi anyooshe lugha ya sentensi, na papo hapo anamtaka aipanue aya ambayo huenda ikaifuta sentensi hiyohiyo. Mwanafunzi hajui lipi lina uzito, anachagua lililo rahisi. Aliona pia kwamba maoni mengi yangeweza kung'olewa yakabandikwa kwenye kazi ya mtu mwingine bila kubadili neno. Nikiitazama orodha yangu ya juu, sina la kujitetea.

Sasa rudi kwenye ile aya, uisome mpaka mwisho huku kalamu imefunikwa. Kuna sentensi moja ambayo mwandishi anajua mengi kuliko alivyoandika, nayo ni ya lumbesa. Mtoto wa mkulima ameona kwa macho yake gunia likifungwa kilemba cha kamba juu, halafu akapita hapo kwa maneno saba. Jibu la "Kwa nini?" na la "Fafanua" yote yamelala ndani ya lile gunia. Kwa hiyo maoni ni mamoja tu, mkabala na sentensi ya tatu:

"Lumbesa ndiyo iliyowaumiza, lakini umeitaja ukaiacha. Ongeza hapa sentensi mbili: gunia lilijazwa debe ngapi, na mkulima alilipwa kama la debe ngapi. Futa sentensi ya 4."

Hivyo ndivyo nilivyomwandikia mara ya pili. Aliporudi, aya ilisema gunia lilijazwa debe nane, mnunuzi akalipa la debe sita, na mama yake alipouliza akaambiwa kama hataki aache, gari linaondoka. Yule mama sikumwagiza, alikuja mwenyewe. Na ona kilichotokea kwa yale mengine: "bei mbaya" ikapata maana, kuhamia pareto kukapata sababu, na ile "Serikali isaidie" aliigeuza mwenyewe ikawa "mizani iwekwe sokoni". Rekebisho moja liliyavuta matatu.

Tazama jinsi maoni yale yalivyojengwa. Yanataja mahali penyewe, yanasema msomaji amekwama kwa sababu gani, halafu yanatoa kazi yenye kipimo, yaani sentensi mbili na si "zaidi". Kipimo ndicho tunachokisahau sana. Ukimwambia mtoto "eleza zaidi" hajui amemaliza lini, nawe hujui umpe pata kwa lipi. Lakini sentensi mbili zenye idadi ya debe unaziona kwa kupitisha jicho.

Kabla hujafunga daftari, ifunike insha kwa kiganja usome maoni yako peke yake. Kama yangemfaa na jirani yake wa dawati, yafute. Na kama mwanafunzi angelazimika kukufuata ofisini kuuliza ulimaanisha nini, bado hujamaliza kuandika.

Muda usikutishe. Dakika tatu kwa kila daftari, kwa wanafunzi 68, ni saa tatu na dakika 24. Si kidogo, lakini nina hakika sasa unatumia zaidi. Ila wape nafasi ya kurudia aya hiyo darasani, hata dakika kumi siku ya kurudisha madaftari. Asipoandika tena, umempamba pambizo bure. Ndiyo maana njia hii sina haja nayo kwenye karatasi za mtihani wa kufunga muhula, ambazo hakuna atakayezirudia.

Na ikitokea insha nzima imekwenda nje ya mada, usiandike chochote pambizoni. Mwite.

Na tahajia je, mwalimu? Nikiacha makosa bila kuyazungushia, wazazi watasema sijayaona. Mkuu wa shule naye hukagua madaftari.

Wazazi na wakuu wa shule wanapenda wino, hilo nalijua. Lakini usichanganye kazi mbili kwenye pambizo moja. Lile rekebisho moja ni la hoja. Makosa ya tahajia na sarufi yawekee nukta tu, pambizoni mwa mstari wenye kosa, bila kugusa neno lenyewe. Mstari wenye makosa mawili, nukta mbili. Mkaguzi ataziona nukta na atajua umepita.

Njia hii aliiandikia Richard Haswell mwaka 1983, naye akifundisha uandishi Marekani. Wanafunzi wake walisahihisha wenyewe zaidi ya nusu ya makosa waliyowekewa alama ya namna hiyo. Wale walikuwa wa chuo, na lugha ilikuwa nyingine, kwa hiyo usitegemee idadi ileile kwa watoto wa Kidato cha Pili. Faida yake kwako iko kwingine. Nukta inakuchambulia makosa ya kupitiwa na makosa ya kutojua.

Mtoto aliyeandika "rakini", ukimwekea nukta, atasoma mstari, atajicheka, atarekebisha. Huyo hakuhitaji somo. Lakini aliyeandika "kwenye shambani" atautazama mstari mpaka kengele ilie na hataona kitu, kwa sababu kwake hapo pako sawa. Huyo ndiye wa kuandikiwa maneno: "-ni na 'kwenye' zinafanya kazi moja, chagua moja: shambani, au kwenye shamba." Muonyeshe mahali pa kwanza tu, kwingine atafute mwenyewe.

Ukikuta "kwenye shambani" imo kwenye madaftari thelathini, hiyo si kazi ya pambizo tena. Iandike ubaoni Jumatatu.

Mimi ni mwanachuo hapa Mbeya. Msimamizi wangu wa utafiti ameandika "fafanua" sehemu nne na "?" sehemu moja. Naogopa kumuuliza, ni mtu mkali.

Usiende kumuuliza "ulimaanisha nini, daktari?", maana swali hilo linamrudishia mzigo, na mkali hapendi mizigo. Nenda na mapendekezo mawili kwa kila "fafanua". Kwa mfano: "Shikamoo daktari. Hapa kwenye ukurasa wa 12 niliandika wakulima 'wadogo'. Nilidhani unataka nitaje ekari, au nitaje kipato. Nianze na ipi?" Atajibu kwa neno moja, nalo ni rekebisho ambalo angeliandika tangu mwanzo. Sehemu zote nne hazitakuchukua dakika kumi.

Ile alama ya kuuliza iache iwe ya mwisho. Mara nyingi ni mahali alipopotea kwenye kusoma tu. Soma sentensi ile kwa sauti, na kama wewe mwenyewe unaishiwa pumzi katikati, ikate iwe mbili kabla hujamwona.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika Mbozi. Taarifa ya mwaka tunaipitisha kwa kompyuta, wajumbe watano wanaweka maoni kwenye Word. Inarudi imejaa vibandiko mpaka siioni taarifa yenyewe.

Pole, katibu. Nadhani wajumbe wako wanaburuta kipanya juu ya aya nzima, ndipo wanabonyeza `New Comment`. Kibandiko kikishika aya nzima, mwandishi hajui ni neno gani limeleta shida. Waambie wachague neno au tarakimu yenyewe, kisha `Ctrl+Alt+M`. Badala ya kushika aya nzima ya mauzo na kuandika "takwimu haziko sawa", mjumbe ashike jumla peke yake aandike: "Safu ya 3 nikiijumlisha haifiki hapa. Linganisha na stakabadhi za Agosti."

Herufi iliyoruka au nukta iliyosahaulika isiandikiwe kibandiko kabisa. Wawashe `Track Changes` warekebishe palepale, wewe ukubali au ukatae. Kibandiko kibaki kwa jambo ambalo wewe peke yako ndiye wa kuliamua.

Halafu kuna lile la wajumbe wawili kuvutana, mmoja anasema punguza na mwingine anasema ongeza, sehemu ileile. Hapo usijaribu kuwaridhisha wote kwa kuandika sentensi isiyo na upande. Mpigie mwenyekiti simu, aamue yeye, nawe uandike uamuzi wake chini ya vibandiko vyote viwili kabla hujagusa taarifa.

Mwalimu, mimi huwa naandika maswali badala ya amri ili nisimvunje moyo mtoto: "Una uhakika?", "Ni kweli hivi?" Vibaya?

Dada yangu, moyo hauvunjwi na amri, unavunjwa na kitendawili. Mtoto akisoma "Una uhakika?" anasikia "umekosea", ila hajaambiwa wapi, basi anafuta sentensi nzima, hata ikiwa ilikuwa sahihi. Nimeona hilo mara nyingi.

Swali si baya likiwa na jibu analoweza kuliandika pale pale. "Makambako mlifika saa ngapi?" ni swali zuri, kwa sababu jibu lake linaingia kwenye sentensi kama lilivyo.