Maji ya nyuzi 170 yakipita valvu, mvuke ni asilimia ngapi?

"Wakuu, niko Arusha. Maji ya boila yana nyuzi 170, geji inasoma bar 7. Nikifungua valvu yamwagike nje naona kama nusu yake yanageuka mvuke, ila hesabu inanipa asilimia 13. Nani anadanganya, macho au jedwali?"

Mkuu, macho ndiyo yanadanganya, na jedwali umelisoma pasipo penyewe kidogo.

Valvu haifanyi kazi yoyote, wala haitoi joto la maana nje, kwa hiyo enthalpi inayoingia ndiyo inayotoka. Maji yakishuka presha hayawezi kubaki na nyuzi 170. Joto linalozidi linachemsha sehemu yake mpaka yote yatulie kwenye kiwango cha kuchemka cha pale nje.

Sasa hapo "pale nje" ndipo wengi wanapoteleza. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ina takriban bar 0.86, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 na kitu. Geji haihesabu hewa, kwa hiyo bar 7 yako kwa kweli ni 7.86. Kwenye jedwali, maji yanayochemka kwa presha hiyo yana kama kJ 718 kwa kilo. Kwa bar 0.86 maji yana 400, na joto fiche la kuyageuza mvuke ni 2,269. Basi:

```
x = (h1 - hf) / hfg
x = (718 - 400) / 2269 = 0.14
```

Asilimia 14. Ukichukua bar 7 ya geji moja kwa moja kwenye jedwali unapata 697, na jibu linashuka hadi 13. Nadhani huko ndiko ulikopita.

Mbona inaonekana nusu? Hiyo 14 ni ya uzito. Mvuke wa bar 0.86 unachukua karibu lita 1,950 kwa kilo, kwa hiyo kila kilo moja ya maji inatoa lita 270 hivi za mvuke, na maji yaliyobaki hayafiki hata lita moja. Kiwandani nilikowahi kufanya kazi, bomba la kurudishia lilipimwa kwa ujazo wa maji tu. Likawa linagonga kama nyundo, na presha ya nyuma ikapanda hadi mitego ya mvuke ikashindwa kutoa maji. Na lile wingu jeupe unaloliona ni matone; mvuke halisi uko kwenye ile nafasi angavu mdomoni mwa bomba, usiweke mkono.

Kasi ya mtiririko nimeiacha. Hata mita 30 kwa sekunde ni kJ 0.45 tu kwa kilo, ila ndani ya koo la valvu kwenyewe hesabu hii usiipeleke.

Kabla ya yote pima joto la bomba hapo kwenye valvu, maana presha inaweza kuwa 7 na maji yameshapoa njiani. Yakiwa nyuzi 120, h1 ni 504 na mvuke asilimia 4.6 tu. Yakiwa chini ya 95, hupati kitu.